Majalada yalisema 2024: kisa cha takwimu za mishahara zilizosogezwa mbele kwa asilimia ileile

Novemba 2024 nilikuwa pamoja na kampuni moja iliyokuwa inapanga ngazi za mishahara, yaani mshahara wa chini, wa katikati na wa juu kwa kila kazi, zitakazoanza kutumika tarehe 1 Januari 2025 na kudumu mwaka mzima. Nitaieleza kama mfano, na tarakimu nimezilainisha ili msomaji aweze kuzifuata kwa kalamu na karatasi. Mishahara yote ni ya mwezi, kabla ya makato, na ni mshahara wa msingi peke yake. Posho na bonasi hazimo.

Afisa rasilimali watu alikuwa na tafiti mbili za mishahara mkononi. Zote mbili zilikuwa zimeandikwa 2024 kwenye jalada. Alichofanya ni jambo ambalo huenda nusu ya ofisi hulifanya: alichukua mediani kutoka kila utafiti, yaani mshahara wa mtu wa katikati, nusu ya watu wakiwa chini yake na nusu juu yake, pale tafiti mbili zilipokuwa na kazi ileile akatafuta wastani wa mediani hizo, kisha akaongeza asilimia 7 kwa sababu ripoti moja ya nyongeza za mishahara ilisema waajiri walitenga asilimia 7 kwa ajili ya nyongeza za mwaka huo. Hoja yake ilikuwa rahisi: takwimu ni za 2024, ngazi ni za 2025, basi ni mwaka mmoja, na mwaka mmoja ni asilimia 7.

Kwa wahasibu alipata 4,360. Meneja wa fedha aliitazama namba hiyo, akailinganisha na kile kampuni inacholipa na kile waombaji kazi wanachoomba, akasema inaeleweka. Kweli ilikuwa inaeleweka. Ukifanya hesabu kwa utaratibu unapata 4,400, na tofauti ya 40 juu ya 4,400 haifiki asilimia 1. Shida ni kwamba afisa aliifikia namba hiyo kwa makosa matatu, moja likisukuma juu na mawili yakivuta chini, na kwa wahasibu yakatokea kufutana. Kwenye kazi nyingine mbili za faili hilohilo hayakufutana.

Tuanze na tarehe, maana hapo ndipo kila kitu kinapoanzia.

Kila utafiti wa mishahara una tarehe tatu tofauti. Kuna mwaka ulioandikwa jaladani, ambao mara nyingi ni wa kibiashara tu. Kuna tarehe ya kutoka kwa ripoti. Na kuna tarehe ya takwimu, yaani siku ambayo waajiri walioshiriki waliambiwa waitumie kueleza mishahara yao: "tupeni mishahara iliyokuwa ikilipwa tarehe fulani". Ya tatu ndiyo pekee inayohusika na hesabu yetu. Kati ya siku hiyo na siku ripoti inapokufikia hupita miezi, kwa kuwa majibu lazima yakusanywe, yahakikiwe, kazi zilinganishwe, majedwali yachapishwe. Tarehe hiyo kwa kawaida haimo jaladani. Imo kwenye kurasa za maelezo ya mbinu, pale ambapo watu wengi huruka kwenda kwenye majedwali.

Katika kisa chetu, utafiti wa kwanza ulitoka Februari 2024 lakini tarehe yake ya takwimu ilikuwa 1 Julai 2023. Utafiti wa pili ulikuwa na tarehe ya takwimu ya 1 Aprili 2024. Kwa hiyo hadi 1 Januari 2025, wa kwanza ulikuwa na umri wa miezi 18 na wa pili miezi 9. Afisa alizipa zote miezi 12. Wa kwanza aliupunguzia miezi sita, wa pili akauongezea mitatu.

Hapo pia unaona kwa nini ile hatua ya kutafuta wastani kwanza ni mbaya hata kabla hatujazungumzia asilimia. Mediani ya wahasibu katika utafiti wa kwanza ni 4,000, katika wa pili ni 4,150. Wastani wake, 4,075, si mshahara wa siku yoyote. Ni mchanganyiko wa Julai ya mwaka mmoja na Aprili ya mwaka uliofuata, na ukishauchanganya huwezi tena kujua umri wake. Kila utafiti husogezwa peke yake hadi tarehe moja, yaani namba zake huongezwa kwa kadiri soko lilivyopanda tangu tarehe yake ya takwimu, kisha ndipo hukutanishwa na wenzake.

Swali la pili ni: usogeze kwa asilimia ngapi? Hapa ndipo ubishi ulipokuwa mkubwa, na ndipo penye mambo ya kuelewa.

Ripoti za nyongeza za mishahara huwauliza waajiri mambo mawili ambayo wasomaji huyachanganya. La kwanza: umetenga asilimia ngapi ya jumla ya mishahara kwa ajili ya kuwaongezea watu? La pili: umezisogeza ngazi zako za mishahara kwa asilimia ngapi? Jibu la kwanza huwa kubwa kuliko la pili. Katika kisa chetu bajeti ya nyongeza ilikuwa asilimia 8 kwa 2023 na asilimia 7 kwa 2024, wakati ngazi zilisogea kwa asilimia 6 na asilimia 5. Kwa 2025 waajiri walikusudia kusogeza ngazi kwa asilimia 4.

Afisa alitumia bajeti. Ukimuuliza kwa nini, jibu lake lina mantiki: kama kila mwajiri anawaongezea watu wake asilimia 7, soko limepanda asilimia 7. Lakini mshahara wa kazi haupandi kama mshahara wa mtu. Chukua wahasibu kumi ambao wastani wao ni 4,000, jumla 40,000. Wote wanapewa asilimia 7, jumla inakuwa 42,800. Mmoja wao, mkongwe aliyekuwa anapata 5,000 na sasa 5,350, anastaafu. Nafasi yake anapewa mtu mwenye uzoefu mdogo kwa 4,300. Jumla inashuka hadi 41,750, wastani ni 4,175. Kila mtu aliyebaki amepata asilimia 7, ila wastani wa kazi ya uhasibu katika ofisi hiyo umepanda kwa asilimia 4.4 tu. Na utafiti wa mwaka utakaofuata utakachokikuta ni hiyo 4,175. Ongeza na wale wanaopandishwa cheo: sehemu ya fedha za nyongeza inakwenda kwao, halafu wao wenyewe wanatoka kwenye kundi la wahasibu na kuhesabiwa katika kazi nyingine. Mzunguko huu upo kila mahali watu wanapoajiriwa na kuondoka, kwa hiyo bajeti ya nyongeza karibu kila mara huzidisha mwendo wa soko.

Kiasi gani? Kwa utafiti wetu wa kwanza, miezi 18 kwa bajeti inaifikisha 4,000 hadi 4,451. Kwa mwendo wa ngazi inaifikisha 4,326. Ni tofauti ya 125, karibu asilimia 3 ya mshahara wa kazi moja, na haitokani na chochote zaidi ya kuchukua safu ya jedwali iliyo kushoto badala ya ile ya kulia.

Meneja wa fedha alikuja na pendekezo lake: kwa nini tusitumie mfumuko wa bei, maana huo unatangazwa rasmi na hauna ubishi? Ni kweli hauna ubishi, lakini unapima bei za bidhaa na huduma, na mishahara huzifuata bei kwa kuchelewa, wakati mwingine isizifikie. Mwaka 2022 ni mfano mzuri: Shirika la Kazi Duniani lilikadiria kwamba katika nusu ya kwanza ya mwaka huo mishahara ya dunia, ukiondoa athari ya bei, ilishuka kwa asilimia 0.9. Aliyesogeza takwimu zake kwa mfumuko wa bei wakati huo alijitengenezea soko ambalo halikuwepo. Miaka ambayo bei zimetulia na ajira ni ngumu kujaza, kosa huwa upande wa pili. Mfumuko wa bei una nafasi yake mezani pale unapojadili kama wafanyakazi wanaweza kuishi kwa mshahara huo, lakini hilo ni swali lingine.

Basi hesabu ya wahasibu ikaenda hivi. Kwa utafiti wa kwanza, miezi 6 ya mwaka 2023 kwa asilimia 6, halafu miezi 12 ya 2024 kwa asilimia 5. Kila kipande cha mwaka hupewa kiwango cha mwaka wake, kisha vipande huzidishwa:

```
=4000*(1+6%*6/12)*(1+5%*12/12)
=4150*(1+5%*9/12)
```

Ya kwanza inatoa 4,326. Ya pili inatoa 4,306. Hebu tazama kilichotokea. Kabla ya kusogezwa, tafiti mbili zilikuwa zimeachana kwa 150, na mtu angeweza kusema utafiti wa kwanza una waajiri wanaolipa kidogo. Baada ya kila moja kupewa umri wake halisi, tofauti ni 20. Hazikuwa zinapingana, zilikuwa za siku tofauti tu. Mimi huiangalia ishara hii kabla ya kitu kingine chochote. Tafiti zikikaribiana baada ya kusogezwa, kuna uwezekano mkubwa tarehe na viwango viko sawa. Zikizidi kuachana, kuna tarehe iliyosomwa vibaya, au moja tayari ilikuwa imesogezwa na mtoaji wake.

Hilo la mwisho si jambo la kufikirika. Ripoti ya utafiti wa kwanza ilikuwa na safu mbili za mediani: moja ya tarehe ya takwimu, nyingine ambayo mtoaji alishaisogeza hadi 1 Januari 2024 kama msaada kwa wateja. Ukichukua ya pili ukaisogeza tena kwa miezi 18, umeihesabu nusu ya 2023 mara mbili. Bahati nzuri afisa alichukua safu sahihi. Ningeshauri faili lolote la namna hii liwe na safu inayosema wazi tarehe ambayo namba hiyo inawakilisha, kando ya namba yenyewe. Faili linaporithiwa na mtu mwingine, au na mtu yuleyule mwaka mmoja baadaye, ni hiyo safu tu inayozuia namba iliyokwisha kusogezwa isisogezwe tena.

Kuna wanaopenda kubishana kama miezi sita ya asilimia 6 ni asilimia 3 kamili au ni kipeo cha nusu cha 1.06, yaani asilimia 2.96. Juu ya 4,000 ubishi huo una thamani ya chini ya 2. Achana nao. Unaanza kuwa na maana pale mishahara inapopanda kwa kasi kubwa: kwa asilimia 40 kwa mwaka, nusu mwaka kwa njia ya kugawanya ni asilimia 20 na kwa njia ya kipeo ni 18.3, na hapo unahitaji kuchagua.

Utafiti wa pili ulikuwa mpya zaidi na ulikuwa na waajiri wengi wanaofanana na kampuni hii, kwa hiyo ukapewa uzito mara mbili ya wa kwanza. Matokeo ni 4,313 kwa tarehe 1 Januari 2025.

Hapo bado hatujafika 4,400, na sababu yake ni kosa la tatu la afisa. Ngazi zitakaa mwaka mzima wakati soko likiendelea kutembea. Ukizipanga zilingane na soko la 1 Januari, utakuwa nyuma ya soko kuanzia Februari hadi Desemba. Ukizipanga zilingane na soko la 31 Desemba, utakuwa mbele mwaka mzima na utalipia. Kampuni hii ilikuwa na sera iliyoandikwa miaka kadhaa nyuma: kulingana na soko katikati ya mwaka, yaani kulitangulia kidogo miezi sita ya kwanza na kuachwa kidogo miezi sita ya mwisho. Sera ilikuwepo, ila haikuwa imeunganishwa na jedwali. Miezi sita ya 2025 kwa asilimia 4 ni asilimia 2, na 4,313 ikawa 4,399, tukaizungusha kuwa 4,400. Usogezaji hadi leo na usogezaji hadi tarehe ya sera ni hatua mbili tofauti, na ni vyema ziwe safu mbili. Ya kwanza ni makadirio ya ukweli uliopo, ya pili ni uamuzi wa kampuni, na bodi ina haki ya kubadilisha ya pili bila kugusa ya kwanza.

Sasa wahandisi wa programu. Hawa walikuwa katika utafiti wa pili pekee, mediani 7,000. Afisa aliongeza asilimia 7 ileile, akapata 7,490. Kwa utaratibu tuliouona, miezi 9 kwa asilimia 5 inatoa 7,263 kwa 1 Januari. Tofauti kubwa tayari, lakini kilichotusumbua kilikuwa kingine: mameneja wa ajira walisema kwa miezi kadhaa wahandisi wamekuwa wakikubali ofa bila kubishana. Hilo halifanani na soko linalopanda asilimia 5.

Njia ya kuhakiki ipo, na haihitaji chochote zaidi ya toleo la mwaka uliotangulia la utafiti uleule. Unachukua namba ya zamani, unaisogeza kwa viwango ambavyo ungetumia, halafu unailinganisha na kile toleo jipya lilichokikuta kweli. Toleo la 1 Aprili 2023 lilikuwa na wahasibu kwa 3,960. Miezi 9 ya 2023 kwa asilimia 6 na miezi 3 ya 2024 kwa asilimia 5 inatabiri 4,190. Toleo jipya lilikuta 4,150. Tumezidisha kwa 40, chini kidogo ya asilimia 1. Kwa wahasibu, kiwango cha ngazi kinafaa, labda ni kikarimu kidogo.

Wahandisi walikuwa 6,900 katika toleo hilo la zamani. Utabiri: 7,301. Kilichokutwa: 7,000. Hapa tumepitiliza kwa zaidi ya asilimia 4.

Kabla ya kuamini jambo kama hilo kuna swali moja lazima uliulize: je, waliojibu ni walewale? Mediani inaweza kutuama kwa sababu soko limetuama, na inaweza pia kutuama kwa sababu waajiri wakubwa wanaolipa vizuri hawakushiriki mwaka huu na wadogo kumi wakaingia. Watoaji wengi wa tafiti wakiombwa hutoa hesabu ya waajiri walioshiriki matoleo yote mawili peke yao. Tuliiomba. Katika kundi hilo wahandisi walitoka 6,850 hadi 6,990, asilimia 2. Kwa hiyo utulivu ulikuwa wa kweli, hata kama sehemu ndogo ya mwonekano wake ilitokana na mabadiliko ya washiriki.

Tukawasogeza wahandisi kwa asilimia 2 kwa mwaka badala ya 5: miezi 9 inaipeleka 7,000 hadi 7,105, na nusu ya 2025 kwa kiwango hichohicho inaifikisha 7,176, ambayo ikawa 7,180. Ilikuwa 310 chini ya namba ya afisa, ambayo ilizidi kwa asilimia 4.3.

Niseme wazi kuwa sipendi kutoa kiwango maalumu kwa kila kazi. Mwenye kazi yoyote atakuja na sababu kwa nini kazi yake inapanda haraka kuliko nyingine, na jedwali litajaa viwango visivyo na ushahidi. Vigezo nilivyovishikilia hapa vilikuwa viwili kwa pamoja: kundi la waajiri walewale lionyeshe tofauti, na uzoefu wa kampuni yenyewe katika kuajiri uelekee upande uleule. Kazi nyingine zote kwenye faili zilibaki na kiwango cha jumla, ikiwemo moja ambayo mkuu wake wa idara alikasirika.

Wafanyakazi wa ghala walikuwa na tatizo la aina nyingine kabisa, na ndilo lililonifanya nione kisa hiki kinafaa kuandikwa. Walikuwa katika utafiti wa kwanza pekee, ule wa 1 Julai 2023. Mediani yao ilikuwa 1,500. Robo ya wafanyakazi walikuwa chini ya 1,290, na mmoja katika kumi alikuwa chini ya 1,220. Afisa aliongeza asilimia 7 kwenye mediani, akapata 1,605. Usogezaji wa miezi 18 unatoa 1,622, kwa hiyo kwa mtazamo wa haraka alikuwa karibu.

Lakini katikati ya kipindi hicho, tarehe 1 Januari 2024, kima cha chini cha mshahara kisheria kilipandishwa kutoka 1,200 hadi 1,400. Sogeza zile namba za chini kwa kiwango kilekile: ile ya mmoja katika kumi inakuwa 1,319, ile ya robo inakuwa 1,395. Zote mbili ziko chini ya sheria. Jedwali linasema kwamba zaidi ya robo ya wafanyakazi wa ghala sokoni wanalipwa mshahara ambao hauruhusiwi. Hakuna kosa la hesabu hapo. Usogezaji kwa asilimia ileile hudhani kwamba mishahara yote, ya chini na ya juu, hutembea pamoja kwa mwendo wa taratibu. Sheria ya kima cha chini haitembei, huruka siku moja, na huwagusa wa chini tu.

Ni rahisi kusahihisha zile namba za chini: chochote kilicho chini ya 1,400 kinakuwa 1,400. Mediani ndiyo ngumu. Mwajiri akilazimika kumpeleka aliyekuwa na 1,220 hadi 1,400, yule mwenye uzoefu aliyekuwa na 1,420 naye atataka kuonekana tofauti, na kwa kawaida hupata kitu. Msukumo huo hupungua kadiri unavyopanda juu. Kwa mediani tulikuwa na mipaka miwili. Kama msukumo haukumfikia kabisa mtu wa katikati, mediani ni 1,622. Kama waajiri walilinda pengo lote, yaani mtu wa katikati akaendelea kuwa juu ya kima cha chini kwa uwiano uleule wa zamani, ambao ulikuwa robo nzima, mediani ni 1,750. Ukweli uko mahali fulani kati ya hizo mbili, na hakuna kiwango cha usogezaji kitakachokuambia ni wapi.

Hapo takwimu za zamani zilikuwa zimefika mwisho wa uwezo wake. Watu hupenda kusema takwimu zisisogezwe zikishapita miaka miwili, na kwa jumla ni kanuni nzuri, maana kila mwezi unaoongeza unaongeza pia kosa la kiwango chako. Takwimu hizi hazikuwa zimefika huko, zilikuwa na miezi 18. Kilichozichosha ni tukio lililotokea ndani ya miezi hiyo. Kupanda kwa kima cha chini, kushuka ghafla kwa thamani ya sarafu, mkataba mpya wa chama cha wafanyakazi unaofunika sekta nzima: kimojawapo kikianguka kati ya tarehe ya takwimu na leo, umri wa miezi hauna tena maana kubwa.

Kilichotusaidia kilikuwa ndani ya kampuni. Afisa alitoa kumbukumbu za ofa za ghala za miezi sita iliyotangulia: nani alipewa ofa ya kiasi gani, nani alikataa, na aliyekataa alisema anakwenda kwa kiasi gani. Ofa za chini ya 1,600 zilikuwa zikikataliwa mara kwa mara. Ofa zilizokaribia 1,700 zilikubaliwa karibu zote. Haya si utafiti, na waliokataa wanaweza kutia chumvi wanapotaja mshahara wa kwingine. Lakini yalikuwa ya karibuni na yalikuwa ndani ya mipaka yetu miwili. Katikati ya ngazi ikawekwa 1,680, chini 1,450, juu 1,910, na pembeni pakaandikwa kwamba namba hii ni uamuzi wa watu waliokaa mezani, si matokeo ya usogezaji. Namba ya afisa, 1,605, ilikuwa pungufu kwa asilimia 4.5.

Kwa hiyo asilimia 7 ileile iliwapa wahandisi asilimia 4 zaidi, ikawapunja wafanyakazi wa ghala kwa kiasi karibu hichohicho, na katikati ikawapatia wahasibu jibu lililoifanya njia nzima ionekane salama. Meneja wa fedha alikuwa ameijaribu kwa wahasibu kwa sababu hiyo ndiyo kazi aliyoijua mwenyewe.

Jambo moja lilizua maswali baada ya ngazi kutangazwa, nalo lahitaji sentensi chache. Kusogeza katikati ya ngazi hadi 4,400 hakumaanishi kila mhasibu anaongezewa kwa kiasi hicho. Ngazi imesogea, mtu yuko pale alipo ndani yake. Aliyeangukia chini ya mwanzo wa ngazi mpya hupandishwa hadi mwanzo wake, wengine husubiri nyongeza ya kawaida. Wahandisi kadhaa waliokuwa wamesikia habari za 7,490 walijiona wamenyang'anywa kitu. Rasimu ya namba hizi isingepaswa kutoka nje ya chumba.

Utafiti wa pili hutoka kila mwaka kwa tarehe ya takwimu ya 1 Aprili, na kampuni ilishalipia toleo la 2025. Katika faili, kando ya kila kazi, tuliacha namba ambayo toleo hilo lingepaswa kuikuta kama viwango vyetu ni sahihi. Kwa wahasibu ni 4,306 na miezi mitatu ya asilimia 4 juu yake, yaani 4,349. Tulikubaliana kwamba tofauti ya hadi asilimia 3 kwa upande wowote haigusi ngazi kabla ya mwaka kwisha. Ikizidi hapo, kwanza itaombwa tena hesabu ya waajiri walewale, ndipo kiwango cha usogezaji kibadilishwe. Kwa wafanyakazi wa ghala hatukuandika utabiri wowote. Kazi yao iliingizwa kwenye orodha ya kazi ambazo kampuni itashiriki nazo katika utafiti wa pili, ili safari ijayo pawe na takwimu zilizokusanywa baada ya sheria kubadilika.